Klipu za mwani: jinsi ya kuzirekodi bamvua hili

Assalaam alaykum mama zangu, dada zangu, na kaka wachache mliomo kikundini. Kama tulivyokubaliana kikaoni, bamvua hili kila mmoja arekodi klipu tatu kwa simu yake, kisha mimi nitaziunga ziwe video moja ya dakika 3 ya kuwaonyesha wanunuzi mwani wetu unavyolimwa. Tuko 12, kwa hiyo zitakuja klipu 36. Dakika 3 ni sekunde 180, basi kila klipu itaonekana sekunde 5 tu. Wewe nirekodie sekunde 10, nipate pa kukata mbele na nyuma.

Tazameni kwanza hii hapa. Ni yangu mwenyewe, ya bamvua lililopita. Nimeanzia kwenye kamba, nikapanda kwa bibi anayevuna, nikarudi baharini, nikashuka miguuni pangu. Dakika moja na nusu nzima, na humo nimepata sekunde 4 za kutumika. Simu ilikuwa inatembea muda wote, jicho halina pa kutua.

Sasa tazameni hii. Simu imelazwa, viwiko nimevibana mbavuni, nimesimama. Mikono ya bibi inafunga mche wa mwani kwenye kamba kwa tai-tai: anauzungusha, anakaza, anahamia wa pili. Simu imetulia, kinachotembea ni mikono. Ukishabonyeza kurekodi, hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo, ndipo uzime. Ukitaka kuonyesha kitu kingine, zima kwanza, sogea, kisha uanze klipu mpya.

Usivute picha kwa vidole. Kwenye simu zetu nyingi kuvuta hivyo kunakata tu kipande cha picha na kukikuza, ndiyo maana inatoka na chengachenga. Piga hatua mbili mbele. Maji yenyewe yako magotini.

Klipu zako tatu ziwe hivi. Ya kwanza ya mbali: shamba, kamba na watu. Ya pili ya karibu kidogo: mtu mmoja na kazi yake, kuanzia kiunoni. Ya tatu ya karibu kabisa: vidole, tai-tai, au mwani wenyewe kiganjani. Hiyo ya tatu ndiyo watu wanayoiruka, na ndiyo ninayoililia. Mwenye kamba iliyougua, ile mwani unapogeuka mweupe nchani na kukatika ukiugusa, airekodi pia. Anayenunua mwani anaujua ugonjwa huo, na akiona tunauchagua na kuutupa atatuamini zaidi kuliko akiona mwani mzuri mtupu.

Haya, sasa jua na upepo. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo klipu nyingi zinapoharibika.

Bamvua maji yetu yanakupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi. Saa hizo jua bado liko upande wa bahari, na limeshakuwa kali. Upepo nao, uwe wa kaskazi au wa kusi, unatoka huko huko baharini. Na kila mtu anataka arekodiwe bahari ikiwa nyuma yake! Matokeo yake ni haya: uso mweusi kama kivuli, na sauti ni vuuu, vuuu, hakuna neno linalosikika. Simu inaona mwanga mwingi wa maji na mchanga mweupe, inajipunguzia mwanga, na uso unazama gizani.

Dawa yake ni moja kwa yote mawili. Wewe mwenye simu ndiye uipe bahari mgongo. Mwili wako utaizuilia simu upepo, na jua litamwangukia usoni unayemrekodi. Nyuma yake patakuwa na minazi na vichanja vya kuanikia, napo ni pazuri. Akikunja macho kwa ukali wa jua, avute kanga mbele kidogo, mchanga mweupe utamrudishia mwanga chini ya kidevu. Bahari utairekodi peke yake, katika klipu yako ya mbali.

Kabla ya kuanza, gusa uso wake kwenye skrini, kisha ushikilie kidole hapo hapo kama sekunde 2. Aifoni itaandika `AE/AF LOCK`. Simu nyingine nyingi zitaonyesha alama ya kufuli. Hapo mwanga umefungwa, hautapanda na kushuka kila wimbi linapong'aa. Uso ukibaki mweusi bado, kwenye simu nyingi kinatokea kijua kidogo pembeni. Kisukume juu taratibu.

Anayesema asimame mkono mmoja kutoka kwenye simu, si zaidi. Kinasa sauti cha simu nyingi kipo ukingoni karibu na tundu la chaji, na ukiilaza simu kiganja chako ndicho kinachokiziba. Angalia vidole vyako. Na tafadhali, asisome karatasi. Mwulize tu, "Bibi, kamba hii umeipanda lini?" Akijibu, "Wiki ya sita leo, ndiyo naivuna," hiyo inatosha. Wewe mwenye simu kaa kimya mpaka amalize, hata "eehe" usiseme, siwezi kuitoa.

Maji ya chumvi sasa. Lenzi ikirushiwa tone, usiifute kwa kanga kavu, chumvi iliyoganda inakwaruza. Lowesha ncha ya kitambaa safi kwa maji baridi ya kunywa, pangusa, kisha kausha. Vidole vikilowa skrini haisikii. Simu nyingi zinaanza kurekodi ukibonyeza kitufe cha sauti ubavuni, jaribuni nyumbani kwanza. Mfuko wa nailoni unaokoa simu wakati wa kutembea, lakini utoe ukirekodi, unatia ukungu na kufifisha sauti. Na simu isikae juani juu ya ndoo. Ikipata moto sana inazima kamera yenyewe, na maji hayatakusubiri.

Kwenye mipangilio ya kamera chagua `1080p` na `30`. Usiweke `4K`, inajaza simu bure. Klipu ya sekunde 10 itakuwa kama MB 20 hivi, kwa hiyo zote tatu ni MB 60. Mwenye bando dogo asihangaike, aje na simu nyumbani kwangu nizihamishe kwa waya.

Mnaotuma kwa WhatsApp, msizitume kama video za kawaida. Zinabanwa, na zile tai-tai tulizohangaika nazo zinageuka uji. Bonyeza alama ya kuambatisha, chagua `Document`, ndipo uchague klipu. Nitumieni mimi moja kwa moja, si kwenye kundi, la sivyo watu 12 watakula bando kwa kila klipu. Msitie muziki, msikate, wala msifute kwenye simu mpaka niwaambie nimezipata.

La mwisho, mwombe ruhusa mtu kabla hujamrekodi, hata kama ni jirani yako wa shamba. Akikataa uso, mwombe mikono. Bibi wa klipu ile ya kufunga mwani alikataa uso, na mikono yake ndiyo itakayofungua video.

Maji mafu yakianza nataka niwe na klipu zote. Atakayekwama anipigie, lakini si saa 4 asubuhi, nami nitakuwa majini.