Unaposhindana na Wewe Mwenyewe Mnadani

Asanteni sana, na poleni na joto la ukumbi. Sina muda mrefu, kwa hiyo niingie moja kwa moja.

Wengi mliomo humu mnaendesha matangazo ya Facebook na Instagram, ya kwenu au ya mabosi wenu. Na wengi mmeshaambiwa hivi: ukiwa na seti tatu za matangazo, kila moja na bajeti yake, zinazowalenga watu walewale, unajipandishia bei mwenyewe. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu nyingine si kweli, na ndiyo inayowafanya watu watibu ugonjwa ambao hawana huku ule walionao ukiendelea kula hela.

Tuanze na mnada wenyewe. Kila mtu anapofungua simu na nafasi ya tangazo ikapatikana, unafanyika mnada wa kufumba na kufumbua. Dau lako peke yake halikupi ushindi. Mtandao unachukua dau, unalizidisha na uwezekano wa mtu huyo kufanya unachokitaka, tuseme kukutumia ujumbe WhatsApp, halafu unaongeza alama ya ubora wa tangazo. Jumla hiyo ndiyo inayopambanishwa na jumla za wengine. Ndiyo maana fundi wa magodoro mwenye tangazo zuri anaweza kumpita mwenye hela nyingi na tangazo bovu.

Sasa chukulieni mnada wa mifugo wa Msalato, hapa Dodoma. Vijana wawili wa mzee mmoja wamefika, kila mmoja na pesa za baba yake mfukoni, hawajaonana. Wote wamempenda beberu mmoja. Mkubwa anasema laki na nusu, mdogo anasema laki na sitini. Mzee kule nyumbani atanunua beberu kwa bei ambayo wanawe wenyewe wameipandisha. Hivyo ndivyo watu wanavyoufikiria mnada wa matangazo.

Kwa mtangazaji mmoja, Meta, wenye Facebook na Instagram, wanasema mambo hayaendi hivyo. Seti zako mbili zikistahili kuingia kwenye mnada mmoja kwa mtu yuleyule, mfumo unaichagua moja, ile yenye jumla kubwa zaidi, na kuiacha nyingine nje kabla mnada haujaanza. Kwa maneno mengine, kijana mdogo anazuiwa getini. Bei haipandi kwa sababu yake.

Basi hasara iko wapi? Iko kwa huyo aliyezuiwa getini. Ana hela za baba mfukoni na hazitumiki.

Nitumie duka la samani, la kubuni, lakini linafanana na maduka mengi ya hapa mjini. Linauza makochi na vitanda, linapeleka mzigo mpaka Mtumba, Iyumbu na Nkuhungu. Bajeti yake ni Sh 60,000 kwa siku. Kijana wa matangazo amezigawa kwenye seti nne, Sh 15,000 kila moja: ya kwanza wanaopenda samani na mapambo ya nyumba, ya pili waliooa au kuolewa karibuni, ya tatu watu wa jiji zima wa miaka 25 hadi 50, ya nne duara lililochorwa kuzunguka Mtumba ili kuwapata watumishi wa serikali.

Ukiitazama kwenye karatasi ni mpango mzuri. Lakini mtumishi wa miaka 31 aliyeoa mwaka huu, anafanya kazi Mtumba na anafuatilia kurasa za makochi, yumo kwenye seti zote nne. Na Dodoma si Dar. Sensa ya 2022 ilihesabu watu takriban 765,000 katika jiji hili, watoto wakiwemo. Ukiwatoa watoto, ukawatoa wasiokuwa kwenye mitandao hii, ukawatoa wasio na haja wala uwezo wa kununua kochi, bwawa linabaki dogo. Ushauri wa kugawa seti kumi umeandikwa na watu wanaouza kwenye nchi zenye mamilioni ya wanunuzi. Ukiuleta hapa kama ulivyo, seti zako zitakanyagana tu.

Tuseme kila mazungumzo ya WhatsApp yanaligharimu duka hili Sh 3,000. Seti ya kwanza na ya pili zinatumia bajeti yote, kwa hiyo kila moja inaleta mazungumzo 35 kwa wiki. Ya tatu inatumia Sh 6,000 tu kwa siku, inaleta 14. Ya nne inatumia Sh 4,000, inaleta 9 hivi. Jumla ni mazungumzo 93, na kila siku Sh 20,000 zimelala. Bosi anafurahi eti tumeokoa hela! Hajaokoa kitu, alipanga kununua wateja na hakuwanunua.

Hilo ni jeraha la kwanza. La pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Kila seti ina kipindi cha kujifunza, kile mnachokiona kwenye Ads Manager kimeandikwa `Learning`. Humo mfumo unatafuta ni watu gani hasa wanaoitikia, na kwa kawaida unahitaji matokeo kama 50 ndani ya wiki moja tangu mabadiliko makubwa ya mwisho. Angalieni hesabu yetu: 35, 35, 14, 9. Hakuna hata moja iliyovuka. Zote zitaandikwa `Learning limited` na zitaendelea kubahatisha. Wakati huohuo, mazungumzo yale yale 93 yangekuwa ndani ya seti moja, ingevuka 50 na chenji ikabaki. Duka lina matokeo ya kutosha, isipokuwa limeyatawanya.

Utajuaje kwamba una tatizo hili na si jingine? Dalili ya kwanza ni seti inayotumia pungufu sana ya bajeti yake huku jirani yake inamaliza. Peke yake haitoshi, maana tangazo bovu au dau lililofungwa chini sana linaleta dalili ileile. Fungua sehemu ya `Inspect` kwenye seti hiyo, ikiwa akaunti yako inaionyesha, utafute `Auction overlap`. Pale unaonyeshwa ni mara ngapi seti yako imeachwa nje kwa sababu ndugu yake ameingia. Hicho ndicho kipimo chenyewe.

Watu wengi wanakiruka kipimo hicho na kukimbilia kingine, kile cha kulinganisha hadhira mbili na kuona asilimia ya watu wanaoingiliana. Kina faida, ila kinapotosha usipokisoma kwa makini. Tuseme hadhira ya maharusi ina watu 10,000, ya wapenda samani ina 70,000, na waliomo kwenye zote mbili ni 7,000. Ukianzia kwa maharusi, skrini inakuambia asilimia 70. Ukianzia kwa wapenda samani, inakuambia asilimia 10. Ni watu walewale 7,000! Kwa hiyo msiniletee asilimia bila kuniambia umeanzia wapi. Kisha kumbukeni kwamba hadhira kuingiliana si lazima mnada uingiliane. Seti mbili zenye bajeti ndogo zinaweza kushirikiana watu wengi na zikakutana mnadani mara chache.

Kuna mtego mmoja wa siku hizi. Ukitumia `Advantage+ audience`, yale mapendeleo unayoyachagua, samani, harusi, ujenzi, mfumo unayachukua kama mapendekezo tu. Ukiona watu wengine nje ya hapo wanaelekea kununua, unawafuata. Seti mbili ulizoziandikia mapendeleo tofauti kabisa zinaweza kuishia kwa watu walewale, na kile kipimo cha kulinganisha hadhira hakitakuonyesha, kwa sababu kwenye makaratasi hadhira zako hazifanani.

Dawa ya duka letu ni kuunganisha. Na hapa wengi wanaharibu: wanafuta zote nne na kufungua mpya, wakati seti uliyoizima haimrithishi mtu kile ilichojifunza. Mimi ningeiacha ile yenye historia nzuri zaidi, nikaizima ile ya maharusi na mbili zilizokwama, kisha nikaipandisha bajeti ile iliyobaki kwa hatua, si kutoka 15,000 kwenda 60,000 usiku mmoja, maana badiliko kubwa la bajeti linaweza kuirudisha kwenye kujifunza upya. Picha na video zilizokuwa kwenye seti za maharusi na watumishi usizitupe. Ziingize kama matangazo ndani ya seti hiyo moja. Ukitaka kuongea na maharusi, ongea nao kwa picha ya kitanda na maneno yake, si kwa kuwajengea uzio. Kuongeza matangazo nako kunaigusa hali ya kujifunza, kwa hiyo yaingize kwa mpigo mmoja, halafu itulie.

Ipo seti moja ambayo ningeitenga bila wasiwasi: ya watu waliokwisha kukuandikia ujumbe na hawajanunua. Hao wanahitaji maneno mengine, bei ya mwisho, usafiri wa bure na kadhalika. Ila ukiitenga, waondoe watu hao kwenye seti kubwa kwa kuwaweka upande wa kutolewa. Usipofanya hivyo, umerudi palepale.

Ndiyo, dada yangu wa kule nyuma, uliza.

*Swali: Mwalimu, sisi tuna duka hapa na tawi Singida. Kila tawi lina ukurasa wake na akaunti yake ya matangazo, na wote tunalenga Dodoma mpaka Manyoni. Mfumo utatuzuia getini?*

Swali lako, dada, ndilo lile la nusu iliyo kweli. Hapo msitegemee kuzuiliwa. Kurasa mbili na akaunti mbili, mnadani mnaweza kuonekana kama wafanyabiashara wawili wasiojuana. Tuseme kwa mtu mmoja wa Manyoni jumla ya tangazo lenu la Dodoma ni 40, la Singida ni 35, na mshindani wa nje aliye karibu ana 25. Mshindi halipi dau lake lote, analipa kiasi cha kumpita anayemfuata. Bila Singida, Dodoma mngelipa kinachotosha kuipita 25. Singida akiwemo, mnalipa kinachotosha kuipita 35. Tofauti hiyo mmejitoza wenyewe, na hakuna ripoti ya akaunti yoyote kati ya hizo mbili itakayowaonyesha, kwa sababu kila moja inaona tu kwamba soko limepanda.

Kwenu ningeanza na mipaka: Manyoni iwe ya nani? Yule anayepeleka mzigo kwa nauli nafuu ndiye ailenge, mwingine aiondoe kwenye maeneo yake. Hilo mnaweza kulifanya leo kwa simu moja kati ya matawi. Kuunganisha akaunti kunaweza kusubiri, maana kutaleta mjadala wa nani analipa, na huo si mjadala wa mtu wa matangazo.

*Swali: Na bosi anayebonyeza `Boost` kwenye simu yake usiku?*

Anaingia mnadani kama wengine, kaka. Kila akibonyeza anazaa kampeni nyingine, mara nyingi yenye watu walewale. Mwombe akutumie kiungo cha posti aliyoipenda, uiweke ndani ya seti iliyopo kwa kuchagua `Use existing post`. Laiki na maoni yake yatabaki, na yeye ataiona posti yake ikitembea.