Proksi za majumbani na muda unaomfichua mwizi

Ndugu zangu, Mei 2024 serikali ya Marekani ilitangaza kuuvunja mtandao ulioitwa 911 S5. Kompyuta za watu wa kawaida zilikuwa zimenaswa humo kupitia VPN za bure kama MaskVPN na DewVPN: mtu anapakua programu, na bila yeye kujua, intaneti ya nyumbani kwake inaanza kukodishwa kwa wezi kama proksi, yaani mlango wanaopitia ili waonekane wametoka nyumbani kwake. Zilihesabiwa anwani za IP zaidi ya milioni 19, katika nchi karibu 200.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mlinzi wa tovuti ya benki. Mwizi ana orodha ya nywila 10,000 zilizovuja kwingine, anazijaribu moja moja. Zamani zote zingetoka kwenye seva moja. Unaifunga, kazi imekwisha. Leo kila jaribio linatoka nyumba yake, na nyumba hiyo haitarudi tena. Anwani unayoifunga imeshatumika, na aliyebaki nje ni mwenye nyumba. Kwenye mitandao ya simu ni vibaya zaidi, maana wateja wengi hutoka nje kwa anwani moja. Kumfungia mwizi mmoja ni kuwafungia mamia wasio na kosa, na hilo mimi siliiti ulinzi.

Kwa hiyo tunaacha kuuliza mgeni katoka wapi, tunatazama anavyoenda. Dalili ninayoipenda ni muda. Kivinjari kinapofika kwenye seva, kwanza hufungua muunganisho wa TCP, kisha hupatana nayo juu ya usimbaji, yaani TLS. Kwa mteja halisi, kifaa kilekile hujibu hatua zote mbili, kwa hiyo muda wa kwenda na kurudi unakaribiana. Kwa proksi, TCP inajibiwa na kompyuta ya nyumbani, lakini TLS inapita pale na kwenda hadi kwenye mashine ya mwizi. Tuseme nyumba iko Ohio na seva iko Virginia: TCP inarudi kwa milisekunde 30, TLS inarudi kwa 280. Hizo 250 za ziada ni safari ya kwenda kwa mtu ambaye hayupo Ohio.

Lakini dalili hii ina mipaka. VPN inayobeba pakiti nzima haiachi pengo hilo, kwa sababu hapo hata TCP inafika kwa mtumiaji mwenyewe. Simu ya zamani inayokokota inaweza kuleta pengo bila hila yoyote. Ndiyo maana tunaijumlisha na nyingine: nywila iliyoingizwa bila kitufe kuguswa, au maelfu ya wageni kutoka nyumba tofauti ambao TLS yao inafanana herufi kwa herufi huku karibu wote wakikosea nywila.

Dalili zikikutana, usimfukuze mgeni. Mtumie mwenye akaunti namba ya uthibitisho kwenye simu yake, na anwani ya ile nyumba ya Ohio iache wazi, maana jioni mwenyewe atarudi kuangalia salio lake.