Sema Jina Lako: mhadhara kwa wauguzi wanafunzi kuhusu kuongeza damu

Hamjambo. Wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo, na sauti yangu leo si ya soko la Gikomba.

Nitaanza na sahihi yangu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, katika wodi ya wanawake ya hospitali moja hapa Nairobi, niliandika jina langu kwenye fomu ya damu kama muuguzi wa pili aliyehakiki. Mezani kila kitu kilikuwa sawa. Mfuko ulikuwa wa kundi A, fomu inasema A, faili inasema A, namba ya mfuko imelingana, tarehe ya mwisho bado, damu haina mabonge wala rangi ya ajabu. Jina lilikuwa Wanjiku, kitanda namba 7. Nikatia sahihi, nikarudi kwenye dawa zangu za saa mbili usiku.

Mwenzangu akabeba mfuko hadi kitanda namba 7. Jioni ile paa lilikuwa limevuja, na wagonjwa wawili walikuwa wamebadilishana vitanda. Wote wawili walikuwa Wanjiku. Akamuuliza yule aliyemkuta pale, "Wewe ndiye Wanjiku, si ndiyo?" Akajibiwa, "Ndiyo, sista."

Angejibu nini tena? Mgonjwa wetu amelelewa kumwitikia sista. Ukimuuliza kama yeye ndiye Kamau, na ana homa, na ni usiku, atakwambia ndiyo hata kama ni Otieno. Ndiyo maana jina halitajwi na muuguzi. Mgonjwa ndiye alitaje: "Sema jina lako lote. Ulizaliwa lini?" Kisha unasoma mkanda wa mkononi, jina na namba ya hospitali, halafu unasoma mfuko. Muuguzi wa pili asimame papo hapo kando ya kitanda, naye asome kivyake. Namba ya kitanda si kitambulisho. Mimi nilihakiki karatasi kwa karatasi, na karatasi zilikubaliana vizuri sana. Mtu ndiye aliyekosekana.

Yule mgonjwa alikuwa wa kundi O. Mtu wa O ana kingamwili dhidi ya A na dhidi ya B tangu utotoni, bila kuwahi kuongezewa damu. Ukimpa chembe za A, kingamwili hizo hazingoji. Chembe zinapasuliwa humo humo ndani ya mshipa, himoglobini inamwagika kwenye plazma, presha inashuka, figo zinaumia, na damu inaweza kupoteza uwezo wake wa kuganda.

Sasa mfuatilie kwa saa. Kabla ya damu, joto lilikuwa 36.8, mapigo 96, presha 112 kwa 70. Vipimo hivyo vilichukuliwa na kuandikwa, na hapo mwenzangu alifanya vizuri, kwa sababu bila vya mwanzo vya baadaye havina cha kulinganishwa nacho. Damu ilianza saa mbili na dakika kumi, polepole, mililita 2 kwa dakika. Kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 40 kwa dakika. Msome pakiti, maana mipira haifanani.

Dakika ya nane mgonjwa akasema mkono unawaka pale penye kanyula. Kisha akashika kiuno. Kisha akasema neno ambalo nimelisikia mara mbili tu kazini: "Sista, naona kama nakufa." Joto lilikuwa bado 37.2. Sikilizeni hapo. Homa ilikuwa haijafika, mtetemeko haukuwa umeanza, lakini mgonjwa alikuwa ameshatuambia. Dakika nane kwa mililita 2 ni mililita 16, kama vijiko vitatu vya chai. Kwa kasi ya kawaida ya wodi yenye shughuli nyingi, angekuwa ameshapata mara mbili au tatu ya hapo. Ndiyo sababu tunakaa na mgonjwa dakika 15 za kwanza. Si kupita na kuchungulia, ni kukaa. Dakika ya 15 unapima tena, ndipo unaongeza kasi, kisha unapima kila saa na mwisho wa mfuko. Mfuko wote uishe ndani ya saa nne.

Mwenzangu alifunga kibano kabla ya kuita mtu. Sawa kabisa. Kanyula aliiacha mahali pake, ila aliondoa mpira wote wa damu na kuunganisha mpira mpya wenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Ukisukuma chumvi kupitia mpira ule ule, unamwongezea damu iliyobaki humo. Kisha daktari akaitwa, oksijeni ikawekwa, na ndipo tukasoma mkanda wa mkononi, tukaangaliana. Mfuko pamoja na mpira wake vilirudi maabara, na sampuli mpya za damu kutoka mkono wa pili, na mkojo wa kwanza. Mkojo ule ulikuwa wa rangi ya strungi.

Alipewa maji mengi, akawekewa katheta, mkojo ukapimwa kila saa. Siku ya nne figo zilikuwa zinafanya kazi vizuri. Alipona.

Na yule Wanjiku wa pili? Tulimkimbilia dakika ile ile. Ukigundua mfuko umemwendea asiye wake, kuna mtu mwingine ambaye huenda anakaribia kupewa usio wake. Yeye alikuwa wa A. Kama tungempa chembe za O asingedhurika, na hakuna ambaye angejua tumekosea. Hilo hunisumbua kuliko lile lingine. Makosa mangapi yamepita wodini kimya kwa bahati ya makundi tu?

Si kila badiliko ni hili. Upele unaowasha bila dalili nyingine huwa ni mzio mdogo. Unasimamisha, daktari anaandika dawa ya mzio, na mara nyingi damu huendelea. Mzee au mtoto mwenye utapiamlo anayeanza kuhema na kukohoa baada ya saa kadhaa, presha ikiwa juu, amezidiwa na maji. Mkalishe wima, na daktari ataandika furosemaidi. Homa iliyopanda digrii moja inaweza kuwa jambo dogo, lakini kando ya kitanda huwezi kuitofautisha na mwanzo wa balaa. Simamisha kwanza, soma mkanda, uliza baadaye.

Naona mkono. "Mwalimu, na mgonjwa aliye kwenye usingizi wa upasuaji? Hasemi kitu." Swali zuri. Huyo atakuambia kwa mfuko wa mkojo unaogeuka mwekundu, kwa kidonda kinachovuja damu bila kukoma, na kwa presha inayoshuka bila sababu. Jina lake liko mkononi tu. Mkanda ukikatwa ili kupata mshipa, mwekee mwingine kabla damu haijaingia chumbani.

Mwingine? "Usiku niko peke yangu na wagonjwa 40." Najua. Mwite klinikali ofisa awe jicho la pili. Kama hakuna dharura, usiichukue damu benki hadi asubuhi. Ikishatoka kwenye friji yao ianze ndani ya dakika 30. Ukikwama, irudishe benki ndani ya muda huo huo. Friji ya wodi, ile ya insulini na maziwa ya wauguzi, isiguse damu kamwe.