Jibu la mfano liandikwe kwanza: mhadhara kuhusu maswali ya insha yanayopima kufikiri

Walimu wenzangu, watunzi na wasahihishaji wa mitihani, karibuni.

Leo nitashika swali moja tu la Jiografia ya sekondari na kulifumua mbele yenu. Tuanze na sura yake tuliyoizoea: "Taja na ueleze sababu sita za mmomonyoko wa udongo. Alama 12." Swali hili lina sura ya insha, lakini kinachopimwa ni kumbukumbu. Mtahiniwa aliyekariri daftari anapata zote 12 bila kuwaza lolote ndani ya chumba cha mtihani. Tena lina amri mbili: "taja" inataka orodha, "eleza" inataka maelezo. Ukiuliza wasahihishaji wawili alama ngapi ni za kutaja na ngapi ni za kueleza, kila mmoja atakupa jibu lake.

Ili mtahiniwa afikiri, lazima apewe kitu ambacho hajawahi kukiona, halafu aambiwe akifanyie nini. Basi tumpe vipande vitatu vya shamba, kila kimoja cha mita za mraba 200, vyenye udongo wa aina moja na vilivyopata mvua sawa msimu mzima. Kipande P kina mteremko wa asilimia 12, kimefunikwa kwa matandazo na matuta yake yanakinga mteremko. Kipande R kina mteremko wa asilimia 4, hakina matandazo, na matuta yake yanashuka na mteremko. Kipande S kina mteremko wa asilimia 12, na kimetunzwa sawasawa na R. Udongo uliopotea: P kilo 30, R kilo 210, S kilo 640. Takwimu hizi nimezitunga kwa ajili ya swali, na mtunzi anaruhusiwa kufanya hivyo mradi ziwe za kuaminika.

Sasa swali: "Mkulima anasema: 'Mteremko ndio unaoamua kiasi cha udongo kitakachopotea.' Kwa kutumia takwimu za vipande vyote vitatu pamoja na ujuzi wako, tathmini kauli hii. Alama 12."

Angalieni neno "tathmini". Linadai mambo mawili: hukumu, na misingi ya hukumu hiyo. Ningeandika "jadili", wengi wangetoa hoja za pande zote mbili wakaishia hapo bila kuamua, na msahihishaji asingekuwa na haki ya kuwanyima alama, maana hawakuambiwa waamue. Ningeandika "linganisha", ingetosha mtahiniwa aonyeshe wapi vipande vinafanana na wapi vinatofautiana. Neno linalosumbua kuliko yote ni "eleza", kwa sababu linabeba kazi mbili: kusema jambo linavyotokea na kusema kwa nini linatokea. Dawa yake ni nyepesi: andika "eleza jinsi" au "eleza kwa nini", usiliache peke yake.

Tukishafika hapa, wengi huona swali limekwisha. Mimi nasema bado, mpaka jibu la mfano liandikwe kwa mkono, sentensi kamili, ndani ya muda wa mtahiniwa. Karatasi ya alama 100 kwa saa mbili na nusu inatoa dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali letu basi lina dakika 18, na katika hizo tatu hivi zitaliwa na kusoma takwimu. Mtunzi anayelijua jibu akishindwa kulimaliza kwa dakika 12, mtahiniwa hatalimaliza kwa 18.

Jibu zuri linakwenda hivi:

"Kauli hii ni kweli kwa sehemu. R na S vimetunzwa sawa, vinatofautiana kwa mteremko tu, na S kimepoteza karibu mara tatu ya R, kilo 640 dhidi ya 210. Maji yanayoshuka mteremko mkali huenda kasi, hivyo yana nguvu zaidi ya kung'oa na kubeba udongo. Lakini P na S vina mteremko mmoja, na S kimepoteza zaidi ya mara 20 ya P. Matandazo huzuia matone ya mvua yasipige udongo moja kwa moja, na matuta yanayokinga mteremko hupunguza kasi ya maji ili yapate muda wa kuzama. Hata kipande chenye mteremko mdogo, R, kimepoteza udongo mwingi kuliko P. Kwa hiyo mteremko una mchango, ila katika mashamba haya utunzaji umekuwa na uzito mkubwa zaidi. Hata hivyo hatuwezi kujua ni matandazo au ni matuta yaliyosaidia zaidi, kwa kuwa P ina vyote viwili."

Alama ziko wapi? Nazigawa hivi: 3 kwa kulinganisha R na S kwa takwimu, 3 kwa P na S, 3 kwa sababu zilizofungwa kwenye ulinganisho huo, na 3 za mwisho kwa hukumu yenye mpaka wake. Neno "zilizofungwa" ndilo linalolinda swali zima. Mtahiniwa atakayemwaga ukataji miti, mifugo mingi na upepo ameandika mambo ya kweli, lakini hakuna hata moja linalotoka kwenye vipande hivi, kwa hiyo hayana alama. Mwongozo usiposema hivyo waziwazi, msahihishaji aliyechoka atampa alama kwa kila jambo la kweli, na swali letu litarudi kuwa la kukariri kwa mlango wa nyuma.

Andikeni pia jibu la kiwango cha kati, maana huko ndiko wasahihishaji wanakobishana. Mfano: "Kauli si kweli kwa sababu P ina mteremko mkali lakini imepoteza kilo 30 tu, wakati R yenye mteremko mdogo imepoteza kilo 210." Ametumia takwimu, ameamua, ila amekiruka kipande S na hajatoa sababu. Amelinganisha P na R, vipande vinavyotofautiana kwa mteremko na utunzaji kwa pamoja, hivyo hawezi kujua kipi kimesababisha nini. Mimi ningempa 3: 2 kwa takwimu, 1 kwa hukumu.

Mwongozo unapimwa kwa karatasi 10 zinazosahihishwa na watu wawili bila kuonana. Wakitofautiana zaidi ya alama 2 kwa karatasi nyingi, msiwalaumu. Rekebisheni maneno ya mwongozo. Na kama waliofanya vizuri mtihani mzima wamepata sawa na waliofanya vibaya katika swali hili, swali halikutenganisha kitu. Mara nyingi chanzo ni kwamba mfano huohuo ulifundishwa darasani. Hapo hata swali bora linageuka kumbukumbu.

Jambo la mwisho ni jibu sahihi ambalo hamkulitarajia. Mtahiniwa anaweza kuandika kwamba msimu mmoja hautoshi kutoa hukumu, kwani msimu wenye mvua kali unaweza kubadili picha. Huo ni mpaka halali wa hoja, hata kama jibu la mfano halikuutaja. Usahihishaji usimame, mwongozo uongezewe mstari huo, na karatasi zilizokwisha kusahihishwa zirudiwe kwa sehemu hiyo kabla ya kuendelea na nyingine.