Paa la Makuti: Mwinamo, Kamba na Moto

Wanangu, nimeombwa nizungumzie makuti kwa nusu saa, na kazi hii mimi nimejifunza juu ya ngazi, si darasani. Kwa hiyo nitawasimulia paa moja nililoliharibu mwenyewe, kisha tuone tulilijenga upya vipi.

Kilikuwa kibanda cha wageni, ukuta kwa ukuta mita 4, urefu mita 6. Tajiri alitaka paa lilale, lisimzibie bahari akiwa ghorofani. Nikamkubalia. Fundi kijana na pesa iko mezani, mnajua. Mgongo wa paa nikauinua mita 1 na sentimita 15 tu juu ya ukuta, yaani mwinamo wa nyuzi kama 30. Masika ya kwanza hakikuvuja. Ya pili, mpangaji akahamisha kitanda mara tatu usiku mmoja.

Nilipopanda kuangalia, kwa juu makuti yalionekana mazima. Nikaingiza mkono kati ya safu mbili. Vidole vikatoka na uji mweusi. Mvua ilikuwa imekatika siku nne nyuma. Karibu na mgongo kulikuwa na mche wa mpapai umeshaota. Ukiuona mche juu ya paa, usihangaike kuung'oa, jiulize maji yake unayapata wapi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawaambiwi. Mwinamo wa paa sio mwinamo wa kuti. Kuti halilali juu ya fito, linalala juu ya kuti lililo chini yake, nalo limelala juu ya jingine. Kila tabaka linauinua mkia wa kuti, kwa hiyo jani limelala zaidi kuliko paa lenyewe. Paa likiwa nyuzi 30, jani linakaribia kulala kama mkeka. Tone la maji halioni haraka ya kushuka. Linasimama, linatafuta tundu, linaingia ndani. Paa likiwa nyuzi 45, hata jani likipoteza sehemu ya mwinamo wake, maji bado yanakimbia, na upepo wa jioni unalikausha.

Nyuzi 45 hazihitaji kifaa. Nusu ya upana wa nyumba ndiyo kimo cha mgongo. Kibanda kile kina mita 4, nusu yake ni 2, basi mgongo unakaa mita 2 juu ya ukuta. Nyasi nazo zinataka hivyohivyo au kusimama zaidi.

Tajiri aliuliza gharama. Tukapiga hesabu palepale mchangani. Upenu tuliuacha nusu mita kila upande, hivyo kipaa kimoja, yaani upande mmoja wa paa, kwa nyuzi 45 kina mita 3 na nusu kutoka upenuni hadi mgongoni. Safu zikiachana sentimita 12 na nusu, ni safu 28. Urefu pamoja na upenu wa mbele na nyuma ni mita 7, na kuti la mita moja likipandiana kidogo na mwenzake, kila safu inakula makuti 8. Vipaa viwili ni makuti 448. Lile paa la kwanza lilikula 368. Kumbe tulikuwa tumebana makuti 80 tu, na miti mifupi kidogo.

Kuna ujanja mwingine wa kubana, kuachanisha safu sentimita 20. Jani la kuti linaning'inia kama sentimita 60, kwa hiyo kwa 12 na nusu unapata karibu matabaka matano kila mahali. Kwa 20 unapata matatu, na la juu likiliwa na jua yamebaki mawili. Lakini msizidishe pia. Ukisongamanisha safu kupita kiasi unaunyanyua mkia wa jani, unarudi kulekule kwenye paa lililolala.

Kwenye kufunga, mimi nafanya hivi. Juu ya makombamoyo, ile miti inayoshuka kutoka mgongoni hadi upenuni, nalaza fito chache za kushikia, halafu juu yake nasimamisha fito nyingine kutoka upenuni hadi mgongoni, zikiachana kama shubiri moja na nusu. Kijiti kinachoshika majani ya kuti kinazikata hizo fito, na pale panapokatana ndipo pa kufunga. Naanzia upenuni napanda. Kila kuti nalifunga miisho yote miwili na katikati, fundo naliweka upande wa ndani, chini ya ufito. Fundo likikaa juu, kamba inakuwa njia ya maji. Inayalowesha mafundo na kuozesha kijiti. Mgongoni natandika makumba yaliyosukwa, yakikunjwa huku na huku, na kuyabana kwa fito mbili za nje.

Kamba yangu ni ya makumbi ya nazi. Wengine wanapenda miyaa, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni msumari. Kwanza unapasua kijiti. Pili, hewa ya chumvi inaula. Sababu ya tatu ni moto, na hapo ndipo nilipotaka kufika.

Paa zuri ni paa kavu. Ile nyuzi 45 tuliyoitafuta, na upepo tuliouruhusu upite, ndivyo vinavyolifanya kuti liwake upesi, hasa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, pepo zinavuma na mvua haipo. Huwezi kulowesha paa ili lisiwake. Dawa za kupuliza zipo, nyingi ni chumvi kama boraksi, lakini chumvi inayeyuka kwa maji. Masika moja ikipita, umelipia povu. Anayepuliza apulize tena kila baada ya mvua, asidanganyike.

Wazee wa Lamu walilikabili kwa njia nyingine. Nyumba ya mawe ina dari ya boriti za mikoko, mawe ya matumbawe na chokaa, halafu paa la makuti linasimama juu yake kama mwavuli. Makuti yakiwaka juu, chini kuna jiwe kati ya moto na watu. Kwa nyumba ya udongo, hata dari ya fito iliyokandikwa udongo inakupa muda wa kutoa watoto. Kibanda chetu tukakiwekea hiyo. Jiko tukalitoa nje, upande ambao upepo hautupi cheche paani. Nyaya za umeme, ambazo fundi fulani alikuwa amezichomeka ndani ya makuti kama kamba, tukazishusha ukutani ndani ya bomba, na taa ikaning'inia mbali na majani.

Hata hivyo cheche inaweza kutoka kwa jirani. Hapo ndipo kamba inapolipa. Moto wa makuti hauzimwi kwa ndoo; unakatiwa njia kwa kuezua paa linalofuata kabla halijafikiwa. Paa lililofungwa kamba, watu wawili wenye ngoe, miti mirefu yenye kulabu, wanavuta safu za upenuni, kamba zinakatika, kipaa kinashuka kwa mafungu. Lililopigiwa misumari linang'ang'ania, mnavuta huku moto unakuja. Kamba ya nailoni nayo haikatiki kwa kuvuta, na ikiwaka inadondosha matone ya moto juu ya aliye chini.

Mtu mmoja pale nyuma ananiuliza ngoe ikae wapi. Nje, imelazwa chini ya ukuta, upande wa mlango. Tajiri wangu alitaka kuipandisha kwenye fito za upenu ili isionekane. Nikamwambia siku utakayoihitaji, hizo fito ndizo zitakuwa zinaungua.