"Walibaini" au "Wanadai"? Kalamu ya msahihishaji kwenye sura ya pili

MUSA: Karibuni tena kipindini. Mwalimu Zuhura, shikamoo.

ZUHURA: Marahaba, Musa. Habari za wasikilizaji?

MUSA: Wanauliza maswali. Wengi wako kwenye sura ya pili ya tasnifu, mapitio ya kazi tangulizi, na msimamizi amewarudishia kurasa zimejaa neno moja pambizoni: "njeo", yaani wakati wa kitenzi. Hawaelewi wamekosa nini. Mimi kazi yangu ni kuhariri tasnifu, wewe umesahihisha miaka mingi. Nimekuja na aya moja, mwenyewe ameniruhusu niisome bila kumtaja.

ZUHURA: Isome taratibu.

MUSA: "Brielle na wenzake (2023) wanachunguza DNA ya mabaki ya watu 80 wa kale kutoka pwani na bara ya Afrika Mashariki. Walibainisha kuwa zaidi ya nusu ya DNA ya wengi wa watu wa miji ya pwani ilitokana hasa na wanawake wa Kiafrika. Wanadai kuwa sehemu kubwa ya asili ya Kiasia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Wamethibitisha kuwa mchanganyiko huo unaanza takriban mwaka 1000."

ZUHURA: Habari yenyewe ni ya kweli, utafiti huo umechapishwa. Lakini sentensi nne zina vitenzi vinne, na kila kimoja kina tatizo la aina yake. Tuanze na "wanachunguza". Maabara ilishafungwa, mifupa ilishapimwa. Jambo ambalo watafiti walilifanya siku fulani likaisha, nalitaka kwa -li-: walichunguza, walihoji, walikusanya. Hilo ni kosa dogo. Nalizungushia duara, naandika "njeo", naendelea kusoma.

MUSA: Hapo wengi wanajitetea kwamba kwenye fasihi walifundishwa kutumia -na-.

ZUHURA: Na walifundishwa sawa, kwa fasihi. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, lakini tunapojadili Kusadikika tunaandika "Shaaban Robert anaonyesha", kwa sababu kitabu kipo na kila anayekifungua anayakuta maneno yale yale. Nimewahi kukuta mwanafunzi ameandika "alionyesha" kila mahali, nikamuuliza, akanijibu kwamba mwandishi ni marehemu. Uhai wa mwandishi hauhusiki kabisa. Ninachouliza ni kama unaripoti tendo lililofanyika, au fikra iliyomo kwenye maandishi hadi leo.

MUSA: Kwa hiyo aya moja inaweza kuwa na -li- na -na- isiwe kosa?

ZUHURA: Inaweza, na mara nyingi ndivyo inavyopaswa kuwa. Watu wakisikia "uwiano wa njeo" wanadhani ni kushika kiambishi kimoja toka mwanzo hadi mwisho. Ninachokitafuta mimi ni sababu ya kuhama. Ukihama kutoka "walikuta" kwenda "wanakadiria", naona umetoka kwenye walichofanya ukaingia kwenye msimamo wao. Ukihama kutoka "alieleza" kwenda "anaeleza" kwenda "ameeleza" kwa waandishi watatu waliofanya kitu kile kile, najua umebandika kutoka kwenye madaftari matatu hukusoma tena.

MUSA: Twende sentensi ya pili. "Walibainisha."

ZUHURA: Hilo silo la njeo, ni la kitenzi, na linanisumbua zaidi. Kubaini ni kutambua jambo ambalo lilikuwa halijaonekana. Kubainisha ni kuliweka wazi kwa mwingine. Kipimo kikionyesha kitu, watafiti wamebaini. Mwandishi akifafanua tofauti ya dhana mbili ili msomaji aelewe, amebainisha. Mwanafunzi anayevichanganya ananifanya nisijue kama anazungumzia matokeo au maelezo.

MUSA: Na "wanadai"? Ninakutana nacho kila ukurasa. Wanakitumia kama kibadala cha "wanasema" ili wasirudie neno.

ZUHURA: Musa, kudai ni neno zito. Fikiria mtaani: "Anadai ameibiwa." Ukisikia hivyo, unajua msemaji hajakubali. Sasa hapa watafiti wamepima, wameonyesha takwimu, na wewe unaandika "wanadai". Umewatilia shaka mbele ya msomaji, kisha hukusema kwa nini. Hapo siweki duara tu. Naandika: "Je, unapinga? Kwa hoja gani?" Kama unapinga, kitenzi hicho kiache, lakini sentensi inayofuata ituambie udhaifu uko wapi.

MUSA: Na "wamethibitisha" ni upande wa pili wa kosa hilo hilo.

ZUHURA: Kabisa. Mwaka 1000 ni makadirio. Hakuna mfupa ulioandikwa tarehe ya ndoa. Watafiti wanasoma mpangilio wa DNA wanarudi nyuma vizazi, na wenyewe wanasema takriban. Ukiandika "wamethibitisha" umewapa uhakika ambao hawakuudai, na kosa hilo ni lako, si lao. Halafu "-me-" inaleta hisia kwamba jambo limekwisha, mjadala umefungwa. Mbele ya jopo utaulizwa nani amethibitisha, na utabaki peke yako.

MUSA: Na "unaanza" ndani yake?

ZUHURA: Mwaka 1000 umeshapita, kwa hiyo mchanganyiko "ulianza". Ila hapa nataka niwatetee wanafunzi. Kiswahili hakilazimishi kitenzi cha ndani kifuate cha nje. "Jana Asha alisema anaumwa" ni Kiswahili safi. Vivyo hivyo "alibaini kuwa wanafunzi wengi huchanganya viambishi" ni sahihi: kubaini kulipita, tabia inaendelea. Nimeona wasahihishaji wanaoikata "huchanganya" wakiandika "njeo". Wanakosea wao. Mwanafunzi akikutana na hilo aeleze kwa adabu kwa nini amechagua hu-.

MUSA: Nimejaribu kuiandika upya, nisahihishe: "Brielle na wenzake (2023) walichunguza DNA ya mabaki ya watu 80 wa kale kutoka pwani na bara ya Afrika Mashariki. Walibaini kuwa zaidi ya nusu ya DNA ya wengi wa watu wa miji ya pwani ilitokana hasa na wanawake wa Kiafrika, na kwamba sehemu kubwa ya asili ya Kiasia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Wanakadiria kuwa mchanganyiko huo ulikuwa umeshaanza kufikia takriban mwaka 1000."

ZUHURA: Hiyo naipitisha. Na "ulikuwa umeshaanza kufikia" umefanya vizuri, kwa sababu "ulianza mwaka 1000" ingekuwa imebana kuliko walivyosema.

MUSA: Mwisho, alama. Mtu anapoteza kiasi gani?

ZUHURA: Kila idara ina mwongozo wake, kwa hiyo nitasema ninavyofanya mimi. Duara mbili tatu za njeo haziondoi kitu. Zikizidi naacha kuzungusha, naandika kwenye ripoti "mtahiniwa apitie njeo sura yote ya pili", na hayo ni masahihisho madogo ya lugha. Lakini "wanadai" na "wamethibitisha" siziweki kwenye lugha. Naziandika kwa namba ya ukurasa kwenye sehemu ya uhakiki wa kazi tangulizi, ambayo ina alama zake, kwa sababu zinaniambia kwamba mwanafunzi hajapima uzito wa ushahidi aliousoma.

MUSA: Basi yule mwenye aya nitamrudishia leo jioni, na kazi ya kwanza nitakayompa ni kutafuta kila "anadai" kwenye faili lake.

ZUHURA: Aandike pembeni ya kila moja: nakubali, napinga, au sijasoma. Zile za "sijasoma" arudi kwenye makala yenyewe kabla hajagusa kitenzi.