Kukimbia Asubuhi ya Barafu: Jasho Mwilini, Utelezi Njiani

Ndugu watazamaji, hamjambo. Wengi wenu mmeniuliza ninavaa nguo ngapi ninapokimbia kwenye baridi ya huku, nami nawajibu kwamba kinachonitia wasiwasi zaidi ni jasho. Asubuhi hii kipimajoto kinaonyesha nyuzi 4 chini ya sifuri, lakini nimevaa kama mtu anayetoka kwenye nyuzi 6 juu ya sifuri, kwa sababu baada ya dakika 10 mwili utakuwa umejitengenezea joto lake wenyewe.

Nguo inayogusa ngozi ni fulana nyembamba ya poliesta iliyobana, ingawa sufu laini nayo hufaa. Pamba siivai, kwa kuwa hunywa jasho na kukaa nalo. Juu yake navaa jaketi jepesi la kuzuia upepo, lenye zipu ninayoifungua nikipanda mlima na kuifunga nikishuka. Kofia hufunika masikio, na glavu sizisahau.

Kabla ya kutoka, napasha misuli moto ndani kwa dakika 8 hivi, jaketi likiwa bado limetundikwa: nainua magoti papo hapo, nashika ukuta na kubembeza mguu mmoja mmoja, kisha nanyanyuka kwa vidole vya miguu hadi vifundo vilegee. Wakati fulani niliruka ruka mpaka nikalowa, na nilipotoka upepo uliifanya fulana iwe baridi kama kitambaa kilichotoka majini, nikarudi nikitetemeka. Tangu siku hiyo napitisha kiganja mgongoni chini ya fulana. Mashavu yakiwa na joto na mgongo ukiwa mkavu, natoka.

Sasa tazameni njia hii. Jana mchana jua liliyeyusha theluji iliyo pembeni, maji yakatiririka kukatiza lami, na usiku yakaganda. Barafu ya namna hii ni angavu, hivyo lami huonekana imelowa tu. Basi ukiona njia inang'aa kama iliyolowa ilhali ni chini ya sifuri, ichukulie kuwa ni barafu, hasa kivulini na juu ya madaraja, ambako hewa baridi hupita juu na chini.

Mahali kama hapa nafupisha hatua ili unyayo utue chini ya kiuno, kwani mguu unaotangulizwa mbali na kutua kwa kisigino huteleza kwenda mbele. Mwendo naupunguza kabla ya kona, kwa kuwa ukishafika kwenye kona umechelewa. Zipo pia njumu za kuvisha juu ya viatu, ambazo hung'ata barafu vizuri lakini huteleza kwenye sakafu ya vigae, kwa hiyo zivueni mlangoni. Kipande hiki kilichoganda chote nakipita kwa kutembea, na nikifika nyumbani naanza kuvua fulana yenye jasho kabla hata ya kunywa maji.